Saa ya milimita 40 imenizidi mkono, ya 42 imemkaa rafiki yangu: nichague kwa kipimo gani?

*"Mkono wangu ni mwembamba, sentimita 16.5 nikizungusha tepu ya fundi cherehani. Nilinunua mtandaoni saa ya milimita 40 kwa sababu kila mahali nasoma kwamba 40 inamfaa mwanamume yeyote. Imefika, na ncha zake za juu na chini zinaning'inia kando ya mkono. Rafiki yangu ana sentimita 16.5 kama mimi, anavaa ya 42 na imemkaa vizuri kabisa. Nafanya kazi ofisini Posta, navaa mashati ya mikono mirefu, na saa hiyohiyo nataka kwenda nayo kanisani. Kuna duka Kariakoo lina ya 38 na ya 42. Nichukue ipi? Na unene niangalie vipi?"*

Ndugu yangu, kabla hujarudi Kariakoo weka ile tepu kando. Imekupa namba ya kweli, lakini namba hiyo inafaa kuchagulia urefu wa mkanda tu. Saa haizunguki mkono mzima. Inakaa juu, upande mmoja, na kinachoamua kama itakaa au itaning'inia ni upana wa upande huo wa juu.

Mikono miwili yenye mzunguko mmoja inaweza kuwa na umbo tofauti kabisa. Chukua hiyo sentimita 16.5. Mkono ulio karibu kuwa wa mviringo, wenye upana wa milimita 54 na kina cha 51 kutoka juu hadi chini, una mzunguko wa sentimita 16.5. Mkono uliolala bapa, upana 58 na kina 47, nao una mzunguko huohuo. Tepu haiwezi kuitofautisha hiyo mikono, ila saa inaitofautisha mara moja, kwa sababu wa pili una milimita nne zaidi za kuilaza. Nina imani kubwa kwamba rafiki yako ana mkono bapa na wewe una wa mviringo. Mkono wa mviringo una tabu nyingine: ukitoka katikati unaanza kuteremka mapema, kwa hiyo hata hizo milimita 54 hazipatikani zote kama uwanja wa kulazia saa.

Upana huo unaupima nyumbani kwa dakika mbili. Kaa mezani, laza mkono kiganja kikiangalia chini, misuli ikiwa imelegea. Chukua vitu viwili vyenye pande zilizonyooka wima, vitabu vinene au maboksi ya dawa ya meno, uvisogeze kutoka kushoto na kulia mpaka viguse mkono bila kuubana. Ondoa mkono taratibu, kisha pima kwa rula nafasi iliyobaki katikati. Pima pale unapovalia saa, yaani nyuma kidogo ya kile kifupa kinachojitokeza upande wa kidole cha mwisho, usipime juu ya kifupa chenyewe. Kama huna rula, kadi ya benki itakusaidia: upande wake mfupi ni milimita 54, ni kipimo cha kimataifa na kadi zote zinakifuata. Iweke juu ya kifundo cha mkono, upande mfupi ukikatiza mkono. Ikilingana na kingo za mkono wako, una 54. Rudia mchana, joto la Dar likiwa limepamba moto, maana mkono huvimba kidogo na unataka namba ya mkono unaouvalisha saa kweli.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe. Ile 40 uliyosoma ni kipenyo cha kasha, umbali wa kutoka saa tisa hadi saa tatu kwenye uso wa saa, bila kuhesabu kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira. Ni kipimo cha kukatiza saa kwa upande ambao mkono una nafasi tele, kwa sababu unafuata urefu wa mkono kuelekea kwenye kiwiko. Kipimo kinachokatiza upana wa mkono ni kingine: kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini, yale masikio manne ya kasha yanayoshikilia pini za mkanda. Kipimo hiki wauzaji wengi hawakitaji, na hicho ndicho kilichokuponza.

Masikio yanaweza kuwa mafupi au marefu kadiri mbunifu atakavyo. Seiko waliwahi kutengeneza saa ya wapiga mbizi iliyopendwa sana, SKX007, yenye kipenyo cha milimita 42 na nusu, lakini kutoka sikio hadi sikio ni 46 tu. Kwa upande wa pili kuna Tissot PRX ya milimita 40, ambayo mkanda wake wa chuma umeungana na kasha moja kwa moja. Pingili za kwanza za mkanda ule hazikunjiki chini sana, kwa hiyo sehemu ngumu inayolala juu ya mkono hufika milimita 50 hivi. Kwa namba za dukani Seiko ndiyo kubwa. Kwenye mkono mwembamba Seiko inatulia na Tissot inachungulia pembeni. Kwa hiyo maelezo yako wewe na rafiki yako hayanishangazi hata kidogo.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: umbali wa sikio hadi sikio usizidi asilimia 90 ya upana wa mkono. Kwa mkono wa 54 ukomo ni milimita 48 na nusu, na mahali pazuri zaidi ni kati ya 43 na 47. Kwa mkono bapa wa 58 ukomo unafika 52. Ukipita hapo ncha za masikio zinakosa nyama ya kukalia, mkanda unaanza kushuka ukiwa hewani, na kunatokea uwazi mdogo kati ya mkanda na mkono. Uwazi huo ndio unaoifanya saa ionekane ya kuazima. Nikikadiria kwa ulivyoeleza, saa yako ina kama 49 au 50 na wewe una upana wa 54 hivi. Pima uhakikishe.

Kama muuzaji hajui kipimo hicho, usikate tamaa wala usimwache akisie. Mwombe picha iliyopigwa kwa kuielekea saa moja kwa moja, si ya kuinamisha, kisha pima kwa rula juu ya kioo cha simu yako. Tuseme kwenye picha kipenyo ni milimita 50, na kutoka sikio hadi sikio ni 60. Gawanya 60 kwa 50, unapata 1.2. Zidisha na kipenyo halisi alichokutajia, 40, unapata 48. Kosa la nusu milimita halitakudhuru, lakini hakikisha kwanza kwamba 40 aliyotaja haina kitufe cha pembeni ndani yake, maana wapo wanaokihesabu ili saa ionekane kubwa. Casio wao wanaandika vipimo vitatu kwa pamoja, urefu kwanza, kisha upana, kisha unene. F-91W, ile ndogo ya plastiki inayojulikana na kila mtu, ni 38.2 kwa 35.2 kwa 8.5. Namba ya kwanza ndiyo uilinganishe na upana wa mkono wako.

Ukiwa na namba ya sikio hadi sikio, kata kipande cha boksi gumu chenye urefu huo na upana wa kipenyo, ukilaze mkononi, usimame mbele ya kioo. Nasisitiza kioo, usitumie kamera ya simu. Simu ikiwa karibu na mkono inakikuza kilicho mbele yake, na saa inayokutosha vizuri itaonekana kama sahani. Watu wamerudisha saa nzuri kwa sababu ya picha. Kama lazima iwe picha, mtu mwingine aipige akiwa mbali hatua mbili au tatu, ionyeshe mkono mzima na mwili.

Kipenyo bado kina kazi yake, ila ni kazi ya macho zaidi. Saa yenye uso mpana, mweupe, na ukingo mwembamba huonekana kubwa kuliko kipimo chake. Saa nyeusi yenye pete nene ya kuzunguka, kama zile za wapiga mbizi, huonekana ndogo, kwa kuwa jicho linapima uso tu na kuiacha pete. Ndiyo maana 42 ya rafiki yako, kama ina pete ya namna hiyo, inaweza kuonekana sawa na 38 isiyo na pete. Kwa mkono wako ningetembea kati ya 36 na 40. Na muuzaji akikuambia 36 ni ya kike, usimsikilize: Rolex walipotoa Datejust mwaka 1945 kipenyo chake kilikuwa 36, nayo ilikuwa saa ya mwanamume. Makasha makubwa ya 44 na kuendelea ni mtindo uliokuja baadaye sana.

Kuhusu unene, nitakaa kidogo, kwa sababu wewe ni mtu wa shati la mikono mirefu na hapo ndipo utakapoona tofauti kila asubuhi.

Unene hauongezwi kwa mapambo tu, una sababu zake ndani ya kasha. Mtambo wa betri ni mwembamba. Miyota 2035, uliomo kwenye saa nyingi za bei nafuu, una unene wa milimita 3.15. Mtambo unaojijaza wenyewe kwa mkono unavyotembea una kipande kizito kinachozunguka nyuma yake, na kipande hicho kinataka nafasi: NH35 wa Seiko una milimita 5.32. Hapo tayari saa mbili zimeachana kwa zaidi ya milimita mbili kabla ya kuwekwa kioo na mfuniko. Saa ya kupigia mbizi inaongeza kioo kinene na mfuniko mnene wa nyuma ili kuhimili shinikizo la maji, na ndiyo maana SKX007 inafika milimita 13 na kidogo. Kwa hiyo ukitaka saa ya kujijaza, ya kuzamia, na wakati huohuo nyembamba, unatafuta vitu vinavyovutana, na ukivipata bei itakuwa nyingine.

Kwa shati la ofisini lenye kifungo, milimita 8 hadi 10 zinaingia chini ya mkono wa shati bila kusita. Kuanzia 10 hadi 12 inategemea umbo la kasha: kama pembeni pameteremka kwa mteremko, shati linapanda na kushuka lenyewe, kama pamesimama wima, shati linakwama ukingoni na utakuwa unalivuta siku nzima mpaka uzi uanze kuisha. Zaidi ya 12 shati la kawaida litabaki limekaa nyuma ya saa. Kama mashati unashonesha, mwambie fundi wako aongeze sentimita moja kwenye mzunguko wa mkono wa shati upande unaovaa saa. Kama ni ya dukani, anaweza kusogeza kifungo cha upande huo. Ni kazi ndogo, na wavaa saa wengi hawajui kwamba wanaweza kuiomba.

Unene pia hauendi peke yake, unaendana na upana wa kasha. Milimita 12 kwenye kasha la 42 zinatulia. Milimita 12 hizohizo kwenye kasha la 36 zinasimama kama kifuniko cha chupa kilichobandikwa mkononi, na kwa kuwa uzito uko juu, saa inapinduka kuelekea upande wa kidole cha mwisho kila ukishusha mkono. Kwa 38, nisingepita 11.

Kisha kuna jambo ambalo karatasi ya vipimo haikuambii: unene umekaa wapi. Ishike saa usawa wa jicho uitazame kwa ubavu. Angalia ncha za masikio zimeshuka hadi wapi zikilinganishwa na mfuniko wa nyuma. Zikiwa zimeshuka sawa na mfuniko au chini yake, saa itaukumbatia mkono na sehemu ya unene itapotea. Zikiwa zimebaki juu huku mfuniko umejitokeza kama tumbo, saa itasimama juu ya mfuniko huo, itayumba, na hata ikiwa na milimita 10 itaonekana 12. Kwa mkono wa mviringo kama wako hili lina uzito kuliko kipenyo chenyewe. Vilevile jihadhari na mkanda wa kitambaa unaopita chini ya kasha: unainua saa kwa milimita moja au mbili zaidi, na unene wote uliojitahidi kuuepuka unarudi.

Sasa ile ya 38 na ile ya 42. Tuseme umepima na umepata 54. Nenda na rula, au umwombe muuzaji kalipa, kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili. Mafundi saa wengi wanayo. Kama 38 ina 45 au 46 sikio hadi sikio, unene usiozidi 11, na masikio yaliyoinama, chukua hiyo kwa ofisi na kanisa, wala usiwe na shaka. 42 usiikatae kwa jina lake. Ikiwa ina 46 kama ile Seiko, itakukaa mkononi vizuri, ila kwa unene wa 13 itagombana na shati lako siku tano za wiki. Ikiwa ina 50, iache, hata kama ni nzuri na bei imeshuka. Na ukigundua kwamba 38 yao ina masikio marefu ya 48, basi iko ukingoni kabisa, na hapo mkono wako ndio utoe uamuzi.

Uamuzi huo utolewe dukani, ukiwa umeivaa. Omba wafunge mkanda kwa kiasi utakachovaa kweli, nafasi ya ncha ya kidole cha mwisho iingie kwa shida kidogo. Kunja mkono kuelekea nyuma kama unayesukuma mlango: kitufe cha pembeni kikikuchoma mgongo wa kiganja, kitakuchoma kila siku. Shusha shati juu yake mara mbili tatu. Shusha mkono ubavuni uutikise, uone kama saa inapinduka. Kama ya mkanda wa chuma, wape nafasi watoe pingili kabla hujahukumu, kwa sababu mkanda uliolegea huifanya saa yoyote ionekane kubwa.

Hiyo ya 40 uliyonayo haiwezi kufupishwa. Fundi anaweza kupunguza pingili na kubadilisha pini, lakini usikubali mtu yeyote akunje masikio kwa koleo au kuyasaga. Yanapasuka, matundu ya pini yanapinda, na siku moja saa itadondoka ukiwa umeshikilia bomba la daladala. Unachoweza kujaribu, ikiwa mkanda wake si wa kuungana na kasha, ni kuubadilisha kwa mkanda laini wa ngozi au mpira unaokunjika chini papo hapo unapotoka kwenye pini. Ule uwazi utapungua na saa itaonekana fupi kwa milimita chache, ingawa ncha zitabaki pale zilipo. Ikiwa bado inakukera, mpe au muuzie mtu mwenye mkono bapa wa 58. Kwake itakuwa saa sahihi.

Usijaribu kuituliza kwa kuikaza. Watu wengi wenye saa kubwa kuliko mkono hufanya hivyo ili isipinduke, na kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na ngozi upande wa kidole gumba, ambao mkanda uliokazwa unaweza kuubana. Ukianza kuhisi ganzi au kuchomachoma nyuma ya kidole gumba, vua saa, na isipoisha baada ya siku chache nenda hospitali ukamwonyeshe daktari. Fundi saa hana dawa ya hilo.